Kikombe cha Pili

Juzi nilipitia jedwali la maelezo ya vifaa vya gemu lililoandikwa na vijana wetu wawili wapya hapa Ngong Road. Mstari wa kumi na mbili ulisema: "Upanga wa mfalme aliyeuawa na nduguye kwa wivu." Hadithi imekwisha hapo hapo. Mchezaji amebakiziwa nini cha kutafuta? Wadogo zangu, nawapenda, lakini kosa hili nimeliona kila mwaka, kwa hiyo leo naliandika.

1. Maelezo yana msemaji, na msemaji hajui yote. Fungueni tena gemu ya Dark Souls ya 2011, msome maelezo ya ile pete ya mzaliwa wa kwanza wa Gwyn, bwana wa miungu wa ulimwengu huo. Inasema alikuwa mungu wa vita, upumbavu wake ukamponza, akavuliwa uungu, na leo hata jina lake halijulikani. Upumbavu gani? Kimya. Anayesimulia anaishi katika ulimwengu ambao kumbukumbu hizo zimepotea, naye hawezi kukupa asichokuwa nacho. Kisha nendeni Anor Londo, mji wa miungu hao, kwenye sanamu za jamaa hiyo. Baba yupo, binti yupo, wa tatu hayupo. Pete peke yake ni uvumi, na nafasi tupu peke yake utadhani ni pambo lililovunjika. Mchezaji akiviweka pamoja, anajiambia mwenyewe: huyu alifutwa. Dark Souls III ilipotoka 2016 ikaleta mfalme asiye na jina, muuaji wa majoka aliyegeuka rafiki yao. Hata hapo, maelezo ya taji lake yanasema tu kwamba linafanana mno na lile la bwana wa kwanza, yaani Gwyn. Miaka mitano, na bado hakuna aliyesimama kwenye video kututangazia "mimi ni mwana wa Gwyn."

2. Kila kilichomo chumbani ni shahidi. Hili nililijua kwa maumivu. Tulikuwa tunatengeneza gemu ndogo ya mama mzee anayeishi kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Kwenye ufunguo wa mlango wake niliandika: "Mwenyewe aliishi peke yake tangu treni ziache kupita." Niliandika nikiwa nyumbani, chumba chenyewe sikukiingia hata mara moja. Kumbe msanii wetu wa mazingira alikuwa amenakili meza kutoka ngazi iliyotangulia, na juu yake palikuwa na vikombe viwili vya bati.

Jumamosi moja tukawaalika watu wanane wajaribu, kwa rafiki yetu mtaani Umoja. Walisoma ufunguo, wakaona vikombe viwili, wakaanza kumsaka mtu wa pili. Walifungua kila droo na kugonga kila ukuta. Saa nzima ikapita, na hakuna hata mmoja aliyefika stesheni, ambako hadithi ilikuwa inawasubiri. Hawakukosea. Walituamini kuliko tulivyojiamini.

Nami badala ya kuwasikiliza nilikasirika. Nikadai video ya dakika mbili, mama aketi kitandani aeleze kwamba mwanawe aliondoka na treni asirudi. Timu ikapoteza wiki tatu kwa ajili yangu. Tulipojaribu tena, watu waliweka chini padi, wakatazama video, wakatoka chumbani bila kugusa kitu. Hakuna aliyefungua maelezo hata ya kifaa kimoja. Kwa nini wafungue, ikiwa mama ameshasema yote?

Yule msanii, dada mpole ambaye nilikuwa nimemfokea mbele ya wenzake, ndiye aliyeniambia: "Kaka, kikombe hakina kosa. Hujaandika tu kwa nini kipo."

Tukaifuta video. Kwenye ufunguo nikaondoa "peke yake". Yeye akakipaka kikombe cha kwanza doa la chai ya miaka, rangi ya udongo, mpaka karibu na ukingo. Cha pili akakiacha kikimeta ndani. Jicho linaliona doa, kwa hiyo sikuliandika. Nikaandika lisiloonekana, yaani mazoea ya mama. Maelezo ya `kikombe_02` yakawa maneno sita: "Kikombe cha bati. Huoshwa kila asubuhi."

3. Ongezeni safu ya "kipo wapi" kwenye jedwali, na kila kifaa kikihamishwa, someni maelezo yake upya.

4. Njia ya kwenda mbele msiifiche kwenye maelezo, maana wengi hawasomi. Sisi tulitundika ratiba ya treni ukutani na dirisha tukalielekeza stesheni, hivyo asiyesoma chochote naye alifika. Alikosa kumjua mama tu.

Jaribio la tatu alikuja mvulana wa jirani, mwenye pupa, anayeruka kila maandishi. Akakiinua kikombe cha kwanza, akakitupa. Akakiinua cha pili, akasoma. Gemu yetu haina zawadi ya kupanga vitu. Akakirudisha mezani, akakiokota na kile cha kwanza, akakiweka kando yake.