“Kwa hiyo?” pembeni ya mipaka ya utafiti wangu

Tasnifu yangu ilihusu lahaja ya Kiamu mjini Lamu: je, vijana bado husema “ndia” na “mato” kama wazee wao, au wamehamia “njia” na “macho”? Nilihoji wanaume 24 wa mitaa ya Mkomani na Langoni, wazee 12 na vijana 12. Kwenye mipaka ya utafiti nikaandika hivi:

“Kwa bahati mbaya, muda na fedha havikutosha, hivyo mtafiti alihoji watu wachache tu. Baadhi hawakuwa huru mbele ya kinasa sauti. Hata hivyo, mtafiti alijitahidi kadiri ya uwezo wake.”

Msimamizi akaandika pembeni: “Kwa hiyo?”

Nilinuna siku mbili. Kisha nikafuta muda na fedha, maana msomaji hahitaji kujua nauli ya boti kutoka Mokowe. Anachotaka kujua ni nani hakuhojiwa. Wanawake hawakuhojiwa hata mmoja, nami sikuwa nimelisema hilo popote!

Kinasa sauti ndicho kilichonipa kazi. Nilirudia rekodi. Kijana mmoja wa Langoni alinijibu kwa “njia” kila mara. Mwenzake alipopita mbele ya baraza, akamwita: “Ndoo!”, si “Njoo!” Mimi nimelelewa Malindi, na bila shaka alikuwa akinisemesha Kisanifu kwa ajili ya ugeni wangu. Basi hesabu yangu ya maumbo ya Kiamu ilikuwa imepungua, haikuzidi. Kuna na la pili, ambalo nusura linipite: wazee hawakubadilika sana mbele yangu, vijana waliosoma ndio waliobadilika. Kwa hiyo pengo kati ya marika mawili, ambalo ndilo lililokuwa tokeo langu kuu, lingeweza kuonekana kubwa kuliko lilivyo.

Aya ikawa hivi:

“Matokeo yanahusu wanaume wa Mkomani na Langoni, hayaelezi usemi wa wanawake wala wa visiwa vingine. Mahojiano yaliongozwa na mtafiti asiye Mwamu, na rekodi zinaonyesha baadhi ya vijana wakitumia Kiamu zaidi walipozungumza na wenzao. Hivyo, idadi ya maumbo ya Kiamu kwa vijana ichukuliwe kuwa kiwango cha chini, na tofauti kati ya marika huenda imekuzwa. Aina za maumbo yaliyopatikana haziathiriwi, kwa kuwa kila umbo lilisikika katika rekodi.”

Ile sentensi ya mwisho niliiongeza baada ya msimamizi kuniuliza ni kipi kilichobaki salama. Kama ningeiacha, msomaji angedhani kasoro ya hesabu imeangusha sura nzima. “Huenda” nalo nililiweka mahali pamoja tu, pale ambapo kweli sikuwa na ushahidi wa kutosha. Rasimu ya kwanza ya aya hii mpya ilikuwa nayo matano.

Ilinibidi pia nirudi kwenye hitimisho, ambako nilikuwa nimeandika “vijana wa Lamu wameacha Kiamu”. Nikabadilisha: “vijana waliohojiwa walitumia Kiamu kwa uchache mbele ya mgeni.”