Jumla ya mwalimu isitupwe: kanuni za kukagua alama kwenye Excel

Kwa kuwa mimi ndiye ninayepokea alama za walimu wa masomo na kuziingiza kwenye Excel, huweka kanuni za ukaguzi kwenye fomu ikiwa bado tupu. Fomu yangu ina namba ya mwanafunzi kwenye safu A, jaribio C, mtihani D na jumla E. Wanafunzi wanaanzia mstari wa 4, na mstari wa 2 una alama za juu kabisa: 30 kwa jaribio na 70 kwa mtihani.

Chagua C4:D63, fungua Data, kisha Data Validation, halafu Custom, na uandike:

```
=OR(C4="X",AND(ISNUMBER(C4),C4>=0,C4<=C$2))
```

X ni ya mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani, ambaye hastahili kuandikiwa sifuri. Ondoa tiki ya Ignore blank, kwa sababu ikibaki na mtu akafuta ile 70 iliyo D2, Excel itapokea hata 700 bila kulalamika. Kwenye Error Alert chagua Stop. Warning humruhusu mwandishi kuendelea.

Marudio huyazuia kwenye namba, si kwenye majina, maana Juma Hamisi wawili darasa moja si ajabu. Namba zetu zina herufi, kwa mfano F2/017, hivyo kwa A4:A63 naandika:

```
=AND(A4=TRIM(A4),COUNTIF($A$4:$A$63,A4)=1)
```

Sehemu ya TRIM inakataa nafasi iliyojificha mwishoni, ambayo ingeifanya namba ileile ionekane ngeni.

Kwenye jumla, wengi huacha Excel ijumlishe na kuipuuza jumla aliyoandika mwalimu kwenye karatasi. Mimi huiandika kama ilivyo kwenye E, kisha F4 inailinganisha:

```
=IF(COUNT(C4:D4)<2,"PUNGUFU",IF(SUM(C4:D4)=E4,"","ANGALIA"))
```

Tuseme karatasi ina 24, 45 na jumla 69, nami nikaandika 54 badala ya 45. Kanuni ya kwanza itaipitisha, kwa kuwa 54 haizidi 70, lakini F4 itaona 78 dhidi ya 69. Wakati mwingine aliyekosea ni mwalimu mwenyewe, na hapo karatasi inarudi kwake. Si kazi yangu kuamua namba ipi ni sahihi. Ukaguzi huu nauweka kwenye safu ya pembeni kwa sababu Data Validation hukagua seli inapoandikwa tu, kwa hiyo ukibadilisha D baadaye, kanuni iliyo kwenye E haiamki. Alama za wanafunzi wawili zikibadilishana mistari zote, jumla zikiwemo, hakuna fomula hapa itakayogundua. Hilo hukaguliwa kwa kusomeana.

Alama zilizonakiliwa kutoka faili jingine zibandikwe kwa Paste Values, kwani ubandikaji wa kawaida hufuta kanuni zako. Hata hivyo Excel haitazikagua zikiingia hivyo, kwa hiyo bonyeza Circle Invalid Data, na zilizokiuka zitazungushiwa duara jekundu.