Gazeti likikuzulia, usiombe lifungwe

Mfanyabiashara mmoja wa Wete aliandikwa gazetini kuwa kakamatwa na magendo ya karafuu. Aliyekamatwa alikuwa mtu mwengine, majina tu yamefanana. Alinijia kwa sababu nimekaa miaka kwenye meza ya uhariri, na hakuzunguka: "Kaka, serikali si ilifunge tu?"

Inaweza. Sheria Nambari 5 ya 1988 hapa Zanzibar inampa Waziri uwezo wa kulizuia gazeti, na Novemba 2003 ndivyo lilivyokwisha gazeti la Dira. Lakini nilimuuliza: likifungwa, sahihisho lako litachapishwa wapi? Waliosoma kuwa wewe ni mtu wa magendo watabaki na habari hiyo hiyo.

Nikamwambia akate ukurasa ule, aandike tarehe na sentensi yenyewe yenye kosa, aambatanishe stakabadhi zake za kuuzia karafuu ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, ampelekee mhariri kwa barua na abaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa. Mhariri akinyamaza, barua hiyo ndiyo inayokwenda Baraza la Habari Tanzania, chombo cha wanahabari wenyewe, si cha serikali. Baraza hujaribu kwanza kuwapatanisha. Ikishindikana, shauri husikilizwa na Kamati ya Maadili. Anachotafuta pale ni sahihisho na kuombwa radhi, na hahitaji kumlipa wakili.

Wanaotaka serikali ishike usukani nao wana hoja, tena nzito. Baraza ni la hiari. Mwenye televisheni ya mtandaoni ambaye hajawahi kujiunga nalo anaweza kuiweka barua yako kwenye droo akaisahau, na hakuna wa kumlazimisha. Wapo pia wasioamini kwamba waandishi watamhukumu mwandishi mwenzao kwa haki. Sheria haichagui mwanachama. Na redio inatumia masafa, ambayo ni machache na ni ya umma. Mimi sioni tatizo leseni yake kutolewa na Tume ya Utangazaji, wala redio inayochochea watu wapigane wakati wa uchaguzi kuhojiwa papo hapo.

Ninachokataa ni anayelalamika kuwa ndiye anayehukumu. Habari nyingi zinazoudhi zinahusu serikali yenyewe, na Waziri ni sehemu ya serikali hiyo. Kenya wamejaribu njia ya katikati: baraza lililoundwa kwa sheria ya 2013, lenye kamisheni ya malalamiko inayoweza kukitoza chombo cha habari faini ya hadi shilingi 500,000 za kwao. Kwa hivyo lina meno. Wakosoaji wake wanasema baraza la namna hiyo likitegemea fedha za serikali, uhuru wake unategemea hisani ya mtoa fedha, na hilo siwezi kulipuuza.

Kwa kosa la jina kama la yule bwana wa Wete, basi, anza kwa mhariri kisha Baraza. Dai sahihisho litoke ukurasa ule ule uliobeba habari, kwa ukubwa unaoonekana, na litaje kosa lilikuwa lipi. Wahariri tuna tabia ya kulificha ukurasa wa ndani, chini ya matangazo ya zabuni.