Uwiano wa 2, na bado mishahara haitoki: kwa mnaoanza kusoma mizania

Ukiingia idara ya mikopo au ya uhasibu, mapema tu utawekewa mizania mezani na kuulizwa kama kampuni hiyo iko salama. Usijibu haraka, maana hapo umeulizwa maswali mawili. La kwanza ni kama mali zake zote zinazidi madeni yake yote. Zikizidi, ina uwezo wa kulipa madeni. Zisipozidi, ni mufilisi hata kama milango bado iko wazi. La pili ni kama pesa zitakuwa mkononi siku deni linapoiva. Huo ndio ukwasi. Mizania hujibu la kwanza kwa kiasi fulani. La pili hulijibu vibaya, na wageni wengi wa kazi hii hukwama hapo.

Tuchukue kampuni ya kubuni inayotengeneza mashine kwa oda. Kiwanda na mitambo yake vina thamani ya milioni 500. Bidhaa na malighafi ni milioni 180, wateja wanadaiwa milioni 210, na benki kuna milioni 10. Jumla ya mali ni milioni 900. Upande wa pili, mkopo wa muda mrefu uliobaki ni milioni 250, awamu ya mkopo huohuo inayoiva mwezi huu ni milioni 60, wauzaji wa malighafi wanadai milioni 110, na mishahara na kodi ni milioni 30. Madeni yote ni milioni 450, kwa hiyo wamiliki wamebaki na milioni 450. Kampuni iko mbali sana na ufilisi.

Sasa gawanya mali za muda mfupi kwa madeni ya muda mfupi, kama ulivyofundishwa darasani: 400 kwa 200. Unapata 2, na vitabu vingi vitakuambia hiyo ni alama nzuri. Mimi nikiiona huwa naomba karatasi mbili zaidi: orodha ya wadaiwa kwa umri wa ankara, na mchanganuo wa kilichoko ghalani.

Orodha ya wadaiwa inaonyesha kwamba milioni 150 kati ya zile 210 ni za mteja mmoja anayelipa baada ya siku 90. Ghalani, milioni 120 ni mashine ambazo hazijakamilika, zimeundwa kwa vipimo vya mteja huyohuyo, na hakuna mwingine atakayezinunua. Hakuna aliyedanganya. Kila tarakimu ni sahihi, ila uwiano unahesabu pesa ya miezi mitatu ijayo sawasawa na pesa ya kesho.

Kwa hiyo tengeneza kalenda ya pesa, wiki kwa wiki. Wiki ya kwanza kampuni inaanza na milioni 10, inakusanya 15, inawalipa wauzaji 20, inabaki na 5. Wiki ya pili inakusanya 20, lakini awamu ya mkopo ya 60 imeiva, na hapo imepungukiwa milioni 35. Wiki ya tatu inaingiza 15 na wauzaji wanataka 35. Ya nne inaingiza 15 na mishahara na kodi ni 30. Mwisho wa mwezi pengo ni milioni 70. Ukijumlisha mwezi mzima bila kutenganisha wiki utaliona pengo hilo, lakini hutajua kwamba kampuni inaanguka wiki ya pili, na anayeikosa pesa yake kwanza ni benki.

Hilo lina uzito, kwa sababu mikataba mingi ya mikopo ina kifungu kinachosema kwamba awamu moja ikikosekana, mkopeshaji anaweza kudai mkopo wote papo hapo. Akifanya hivyo, zile milioni 250 zinahamia kwenye madeni ya muda mfupi, ambayo sasa yanakuwa 450. Uwiano wa 2 unashuka hadi 0.89 bila mali yoyote kupotea. Somo dogo la kazini: soma mkataba wa mkopo kabla ya kukokotoa uwiano wowote.

Je, itatokaje? Njia ya bei nafuu ni kuzungumza mapema. Kampuni inaweza kuomba benki isogeze awamu, au kuiuza ile ankara ya milioni 150 kwa taasisi inayonunua ankara. Tuseme inapata 135. Imepoteza 15, wamiliki wanabaki na 435, na pengo limezibwa. Ikisubiri hadi wiki ya pili ipite, huenda ikalazimika kuuza mtambo wa thamani ya milioni 200 kwa 110, kwa kuwa mnunuzi anajua muuzaji ana shida. Hapo hasara ni 90 kwa mkupuo. Kila mauzo mengine ya namna hiyo yanaisogeza kampuni iliyokosa pesa tu karibu na ufilisi wa kweli.

Mfano halisi ni Silicon Valley Bank ya Marekani. Mwisho wa 2022 ilikuwa na hati fungani za takriban dola bilioni 91 ilizokusudia kuzishikilia hadi ziive, hivyo vitabuni hazikuandikwa kwa bei ya soko. Riba zilikuwa zimepanda, na kwa bei ya soko zilikuwa chini kwa takriban bilioni 15, wakati mtaji wote wa benki ulikuwa kama bilioni 16. Mradi wenye amana wametulia, hasara hiyo ilibaki kwenye maelezo ya chini ya hesabu. Tarehe 8 Machi 2023 benki ilitangaza kwamba imeuza hati nyingine kwa hasara. Kesho yake wateja walitoa takriban bilioni 42 kwa siku moja, na tarehe 10 ikafungwa. Ukosefu wa ukwasi ndio uliolazimisha thamani halisi itazamwe.

Hali ya kinyume ni ngumu zaidi kuigundua, kwa kuwa akaunti imejaa. Fikiria kampuni inayotoza ada ya huduma ya mwaka mzima mapema. Ina pesa milioni 300 na vifaa vya milioni 40. Inadaiwa huduma iliyokwisha kulipiwa ya milioni 380, na mkopo wa milioni 120 unaoiva baada ya miezi 18. Mali 340, madeni 500. Mwezi huu hakuna anayedai pesa: wateja wanataka huduma, na mkopeshaji bado anasubiri. Mishahara inatoka kwa wakati, na meneja wa mauzo anapongezwa.

Usikimbilie kuiita mufilisi, lakini. Deni la huduma halilipwi kwa pesa taslimu, linalipwa kwa kazi, hivyo uliza kazi hiyo itagharimu kiasi gani. Ikigharimu 190, ukijumlisha na mkopo unapata 310, na kampuni ina ziada ya 30. Ikigharimu 260, imepungukiwa 40, na inaishi kwa ada za wateja wapya kuhudumia wa zamani. Dalili yake ni pesa inayoongezeka huku biashara ikipata hasara mwaka baada ya mwaka, na ongezeko hilo likikaribiana na ongezeko la ada zilizolipwa mapema. Mauzo mapya yakipungua kwa robo mwaka moja tu, salio la benki litaanza kushuka wakati gharama za huduma ziko palepale. Ndiyo maana, kwa kampuni za aina hii, takwimu ya kwanza ninayoitafuta ni wateja wangapi wamelipia tena mwaka wa pili.