Mtu Aliyening'inia ametoka upande wa mpenzi

"Nimetandaza karata tatu za tarot kutabiri penzi letu: mimi, yeye, sisi. Kwangu Vikombe Vinane, kwake Mtu Aliyening'inia, kwetu Panga Mbili. Miezi mitano sasa hasemi ndiyo wala hapana. Ndiyo ameshaniacha?"

Pole dada. Mtu Aliyening'inia, karata ya 12, haisemi ameondoka. Kama unatumia zile za Rider-Waite za 1909, mtazame vizuri: amefungwa mguu mmoja tu, uso umetulia, kichwa kina mwanga, na mti wenyewe una majani mabichi. Huyo hateseki. Kaka mmoja aliyekujibu kabla yangu anasema karata hiyo ni mtu kigeugeu, na kusita kweli kupo, ila kunatoka kwenye Panga Mbili, yule mwanamke aliyefungwa kitambaa machoni, na hiyo imekaa kwenu wote wawili. Yeye amezoea kuning'inia, na kusubiri hakumuumi kama kunavyokuumiza wewe.

Kinachonishtua ni karata yako. Kwenye Vikombe Vinane mtu amegeuza mgongo, ana fimbo mkononi, anapanda mlima usiku na vikombe vyake kaviacha vimepangwa. Anayeondoka hapo ni wewe, labda hujajiambia tu.

Dada mwingine ameuliza kama karata ikitoka juu chini maana inageuka: wengine husoma hivyo, mimi sisomi. Na wewe mwenye karata tatu, usirudie kuzichanganya kila usiku, utavurugwa. Mwulize mpenzi wako kwa mdomo, umpe siku ya kujibu, maana karata hizi tatu hazina tarehe.