Avokado imechukua nafasi ya nini? Kwa mnaoanza kazi ya ushauri wa lishe

Ukianza kazi katika kliniki yoyote ya Nairobi, wiki haitaisha kabla hujaketi na mtu aliyeshika karatasi ya maabara, LDL yake, ile kolesteroli mbaya, imepanda, naye anakuambia: "Lakini daktari, mimi nakula avokado kila siku." Anasema kweli. Huku avokado zinapatikana kwa mama mboga wa kila mtaa, na msimu ukifika bei inashuka hadi mtu anabeba mfuko mzima. Usimbishie wala usimsifu. Muulize jambo moja tu: avokado hiyo imechukua nafasi ya nini kwenye sahani?

Naanza na swali hili kwa sababu ndilo linalotenganisha ushauri unaoshusha LDL na ule usioishusha. Kuna tafiti mbili za Marekani ambazo kila anayeanza kazi hii anafaa kuzielewa. Ule wa 2015 ulikuwa na watu 45 wenye uzito uliozidi, ambao waliandaliwa chakula chao chote. Walipokula avokado moja kila siku ndani ya mlo uliopunguziwa mafuta ya wanyama, LDL ilishuka kwa wastani wa miligramu 13.5 kwa desilita, yaani karibu 0.35 kwa kipimo cha milimoli kwa lita tunachokiona kwenye karatasi nyingi za maabara za hapa. Ule wa 2022 ulikuwa mkubwa zaidi, watu zaidi ya 1000 kwa miezi sita. Kundi moja liliambiwa liongeze avokado moja kwa siku juu ya kile lilichozoea kula. LDL yao ilikuwa chini ya ya wenzao kwa miligramu 2.5 tu, yaani kama 0.06. Tunda ni lilelile. Katika utafiti wa kwanza liliingia na kitu kingine kikatoka. Katika wa pili liliongezwa tu.

Sababu iko kwenye ini. Chembe za LDL huondolewa kwenye damu na vipokezi vilivyo juu ya seli za ini, na unaweza kumweleza mgonjwa kwamba hivyo ni milango ya kuingizia kolesteroli. Mafuta yaliyoshiba, yale yanayoganda kwenye baridi, hupunguza kazi ya vipokezi hivyo, basi LDL inabaki ikizunguka kwenye damu. Mafuta yasiyoshiba ya avokado, karanga au alizeti yakichukua nafasi yake, vipokezi vinarudi kazini na LDL inapungua. Avokado ina pia nyuzinyuzi na steroli za mimea zinazozuia kiasi fulani cha kolesteroli kufyonzwa tumboni, lakini huo ni msaada wa pembeni. Kazi kubwa inafanywa na kubadilishana. Mgonjwa asiyepunguza mafuta yaliyoshiba hajaligusa lile linalolemaza vipokezi vyake.

Sasa tuje kwenye mtego ambao Nairobi unawanasa wengi, wakiwemo waliosoma. Tumefundishwa kwamba mafuta ya wanyama hupandisha LDL na ya mimea huishusha. Kwa jumla ni kweli. Samli ni zaidi ya nusu mafuta yaliyoshiba, na mafuta ya ng'ombe ni karibu nusu. Alizeti ni kama sehemu moja ya kumi, na mafuta ya karanga hayafiki sehemu moja ya tano. Lakini mafuta ya mawese, ambayo ni ya mmea, nayo ni karibu nusu, na ya nazi ni zaidi ya asilimia 80. Yale mafuta magumu meupe yanayopikiwa chapati na mandazi katika nyumba nyingi za mji huu kwa kawaida yametengenezwa kwa mawese. Kopo linaandikwa "haina kolesteroli", na ni kweli, maana hakuna mmea unaobeba kolesteroli ya kuhesabika. Ila kinachopandisha LDL ya mtu kwa kiasi kikubwa si kolesteroli iliyo kwenye chakula, ni mafuta yaliyoshiba. Nimekutana na wengi walioacha nyama ya mafuta kwa bidii kabisa huku chapati mbili za kila jioni zikiwarudishia kilekile walichokiacha.

Mafuta ya kupima ya dukani, yale ya kumiminiwa kwenye chupa kwa bei ya shilingi ulizo nazo, mara nyingi ni mawese pia, sehemu yake nyepesi. Hayajashiba kama yale magumu, lakini bado yanaizidi alizeti mara kadhaa. Asubuhi za Julai, baridi ikikaza, chupa yake huingia ukungu mweupe na kuganda chini, ilhali ya alizeti inabaki angavu. Mwambie mgonjwa aiangalie chupa yake mwenyewe, kwani atakumbuka alichokiona kuliko ulichosema. Kumbuka tu kwamba mafuta ya karanga na ya zeituni nayo huingia ukungu kwenye baridi, kwa hiyo ukungu peke yake si ushahidi. Kipimo hiki kinafaa kwa mafuta yasiyo na jina la mmea kwenye lebo, au yasiyo na lebo kabisa.

Kwa hiyo usimuulize mtu "unakula mafuta kiasi gani?" Hakuna anayejua, na atakujibu "kidogo tu". Uliza hivi: mnanunua mafuta gani, ya kiasi gani, yanaisha baada ya siku ngapi, na mnakula wangapi? Mtu anajua siku aliyonunua mafuta kwa sababu alitoa pesa.

Chukua mfano huu, nilioujenga kutoka kwa watu wa aina moja ninaowaona mara kwa mara. Mama wa miaka 48, muuza nguo Gikomba, LDL 4.1. Nyumbani ni watu wazima wanne, na kilo moja ya mafuta magumu huisha kwa siku kumi. Hiyo ni gramu 25 kwa mtu kwa siku, na karibu nusu yake, tuseme gramu 12, ni mafuta yaliyoshiba. Asubuhi hupaka siagi ya maziwa kwenye vipande viwili vya mkate, kama gramu 20, nazo zina gramu 10 za mafuta yaliyoshiba. Mchana hula wali na maharagwe, na nusu avokado pembeni. Avokado hiyo ndiyo anayoitegemea imponye.

Sikumwambia aongeze lolote bila kutoa kitu. Avokado ya mchana ilibaki pale pale, na nusu nyingine ikapakwa kwenye mkate wa asubuhi mahali pa siagi. Gramu 90 za avokado zina nguvu sawa na gramu 20 za siagi, takriban kalori 145, lakini mafuta yaliyoshiba yanashuka kutoka gramu 10 hadi 2. Kisha mafuta magumu ya kupikia yakabadilishwa na ya alizeti, kwa kiasi kilekile, na gramu 12 zikawa karibu 3. Jumla tumeondoa gramu 17 kwa siku na kuweka yasiyoshiba mahali pake.

Hesabu yake si ngumu. Kwa mtu anayekula kalori 2000, kila asilimia moja ya kalori ni gramu 2.2 za mafuta. Mkusanyiko wa tafiti nyingi uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila asilimia moja ya mafuta yaliyoshiba ikibadilishwa na mafuta ya aina ya avokado, LDL hushuka kwa wastani wa 0.042. Ikibadilishwa na ya aina ya alizeti ya kawaida, hushuka kwa 0.055. Kwa mama huyu, siagi inatupa kama 0.15, na mafuta ya kupikia kama 0.2. Tarajia LDL ya 3.7 au 3.8. Huo ni wastani, si ahadi, na umwambie hivyo mapema. Akitarajia 2.5 kwa sababu ya mkate wa avokado, atavunjika moyo na kurudi kwenye siagi.

Mkusanyiko huohuo una onyo kwa yule mshauri anayependa kusema "acha mafuta kabisa". Mafuta yaliyoshiba yakiondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na ugali zaidi, mkate mweupe na chai ya sukari, LDL hushuka kidogo zaidi ya nusu tu ya ile inayopatikana kwa alizeti, na trigliseridi, yaani mafuta mengine yanayopimwa kwenye damu, hupanda. Karatasi ya pili itakuja na tatizo jipya ulilolileta wewe.

Karanga zinaingia hapa vizuri, kama kitu cha saa nne mahali pa sambusa ya nyama au mandazi. Kiganja kimoja, gramu 30, kina mafuta yaliyoshiba gramu 2 tu. Lakini kina kalori 170, na karanga za mfuko haziishii kiganjani, basi umshauri mgonjwa atoe kiasi chake kwenye mfuko kwanza na kuufunga. Sema pia kuhusu sumu kuvu, ambayo hapa kwetu si jambo la kinadharia. Karanga iliyonyauka, yenye doa la ukungu au ladha chungu itupwe, na kukaanga hakuiondoi sumu yote. Za kusaga dukani ni afadhali zinunuliwe mahali ambapo mtu anaziona kabla hazijasagwa.

Kipimo cha pili kifanyike baada ya wiki sita hadi nane, maabara ileile ikiwezekana. LDL ya mtu mmoja huyumba kidogo hata bila kubadilisha chakula, na ugonjwa mkali wa karibuni huishusha kwa muda, kwa hiyo tofauti ya 0.1 usiipigie makofi wala usiililie. Tazama na trigliseridi kabla hujaamini namba ya LDL, kwani maabara nyingi haziipimi moja kwa moja bali huihesabu: jumla ya kolesteroli, toa HDL, ile kolesteroli nzuri, toa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikizidi 4.5, hesabu hiyo haifai tena.

Na kuna wagonjwa ambao si wa avokado. LDL ikiwa 4.9 au zaidi, hasa kama baba, mama au ndugu alipata shtuko la moyo akiwa kijana, huenda ni hali ya kurithi ambayo chakula peke yake hakiwezi kuishusha vya kutosha. Mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo, usimpe miezi mitatu ya kujaribu mlo. Aliyeandikiwa dawa za kushusha kolesteroli asiziache kwa sababu amebadilisha mafuta ya kupikia, na akikuuliza, jibu hilo lisikupe shida. Na yule aliyefuata kila kitu, mafuta yamebadilika kweli, na LDL haijasogea, mwombe daktari ampime tezi ya shingo. Tezi iliyolala hupandisha LDL, na hakuna karanga itakayoitibu.