Zoom inalia "unstable", usikimbilie kulipia spidi

> "Wakuu, Zoom inaniandikia 'Your internet connection is unstable'. Kwenye Statistics naona Latency 48 ms, Jitter 85 ms, Packet loss 4%. Nikipima spidi napata 28 Mbps. Huduma kwa wateja wananishauri nipande kifurushi cha 60 Mbps, natia saini kesho. Nipande?"

USITIE SAINI. Weka kalamu chini, mkuu.

Hayo maneno ya huduma kwa wateja niliambiwa mimi neno kwa neno, na kampuni yangu siitaji maana sina hela ya wakili. Sauti ilikuwa inakatika, kijana wa simu akasema kwa upole kabisa, "Kaka, kifurushi chako ni kidogo." Hakuniuliza ruta iko wapi, hakuniuliza ninatumia wifi au waya. Nikapanda kifurushi, tena kwa mkataba wa mwaka mzima usiovunjika bila faini. Wiki hiyohiyo nikaingia kwenye usaili wa kazi na watu wa Nairobi, wakawa wananiuliza kila mara kama bado nipo. Nilikuwepo, tena mteja wa daraja la juu mwenye sauti ya bati.

Sauti ya simu ya mtandaoni haifiki hata Mbps 0.1. Wewe una 28. Shida yako si upana, ni mpangilio wa kufika. Programu inakatakata sauti yako kuwa pakiti ndogo, kwa kawaida moja kila ms 20, yaani 50 kwa sekunde. Latency ni muda wa pakiti kusafiri. Hadi 150 mazungumzo yanakwenda vizuri, ikizidi sana ndiyo mnaanza kudakiana maneno. Ya kwako 48 haina kosa.

Ugonjwa wako ni Jitter, yaani pakiti kufika kwa nafasi zisizolingana. Daladala zinatoka Mbagala kwa nafasi sawa, kituoni kwako unasota nusu saa kisha zinaingia tatu zimefuatana. Zoom inaweka akiba ndogo ya kusawazisha, ila pakiti ikichelewa kupita akiba hiyo inatupwa, kwa sababu neno la nusu sekunde iliyopita halina kazi tena. Kwa hiyo Jitter inakula maneno hata pakiti zote zikifika. Zoom wenyewe wanapendekeza isizidi 40, na Packet loss isizidi 2%. Namba ya Mbps haikuonyeshi haya: ni wastani tu, na pakiti zilizopotea zinatumwa upya kimyakimya.

Sasa kanuni yangu, ambayo imenigharimu ada ya mwaka: PIMA HADI KWENYE RUTA KWANZA. Kwenye Windows fungua Command Prompt, andika `ipconfig`, tazama namba ya "Default Gateway", ndiyo ruta yako, kisha fungua madirisha mawili kwa pamoja:

```
ping -n 100 192.168.1.1
ping -n 100 8.8.8.8
```

(Hiyo ya kwanza weka namba yako.) Ya pili ni seva ya Google, huko nje mtandaoni. Yangu kwenda kwenye ruta, iliyokuwa chumba cha pili tu, ilisoma 3 ms, 4 ms, 187 ms, 5 ms, 240 ms, halafu "Request timed out". Data ilikuwa haijatoka hata mlangoni! Ghorofa letu lina wifi za majirani zimejazana kwenye masafa ya 2.4 GHz, na zikigongana kila kifaa kinasubiri zamu na kurudia kutuma. Hata ungenunua 600 Mbps, foleni iko sebuleni. Nilichomeka kebo kutoka ruta hadi kompyuta, ikatulia kwenye 1 ms mstari mzima. Kebo! Bei ya chipsi mayai na soda.

Ruta ikisoma vizuri lakini 8.8.8.8 inarukaruka, zima kwanza simu zote zinazopandisha picha na video mtandaoni, maana zinajaza njia ya kupandisha na sauti yako inapanga mstari nyuma yake. Rudia. Ikiendelea kuruka kila kitu kikiwa kimezimwa na uko kwenye kebo, hapo ndipo kosa liko kwa kampuni, na una ushahidi wa kuwawekea mezani. Mruko mmojammoja usikutishe, ruta nyingine hujibu ping zikipata nafasi. Tazama kama inajirudia.

Na kwenye Statistics angalia safu. Hasara ikiwa kwenye Send, wao ndio wanakusikia vibaya. Ikiwa kwenye Receive, ni wewe unayewasikia vibaya. Mimi yangu ilikuwa Send, ndiyo maana nilikuwa najisikia fundi wa kujieleza huku wenzangu wanasikia "nna... fu... miaka...".

Fanya usiku huu, weka picha ya madirisha yote mawili hapa. Na huyo wa kifurushi akipiga kesho, muulize 60 Mbps zitapunguzaje Jitter kati ya kompyuta yako na ruta. Nataka sana kujua atajibu nini.